Gredi iliyokosewa kwenye transkripti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu barua pepe ya kumwandikia Mrajis

Nimekaa miaka kadhaa kwenye ofisi ya mitihani ya chuo kimoja hapa Unguja, upande wa kupokea barua hizi. Nyingi zilikuja zikiwa na hasira ya haki na hazina hata namba ya somo. Majawabu yaliyo hapa chini yanamfuata mhitimu mmoja wa mfano: binti wa Wete, Pemba, aliyesoma shahada ya uhasibu ya miaka mitatu Unguja. Siku alipochukua transkripti yake alikuta C kwenye somo ambalo yeye alijua amepata B+.

Nimeona gredi ambayo si yangu. Niandike hapo hapo?

Usiandike bado. Toa kikokotoo kwanza. Transkripti ina ushahidi ndani yake yenyewe, na nusu saa ya hesabu itakuonesha kosa limekaa wapi. Anayemwandikia Mrajis, yaani mtunza kumbukumbu za matokeo wa chuo, baada ya kupiga hesabu hupata jawabu tofauti kabisa na anayeandika "gredi yangu imekosewa naomba mnisaidie". Barua ya kwanza inampa mtu wa ofisini kitu cha kwenda kukitafuta kwenye kabati. Ya pili inampa kazi ya kukuuliza maswali, na maswali hayo yatakuja wiki ijayo au yasije kabisa.

Nipige hesabu gani hasa?

Kwenye vyuo vikuu vingi vya Tanzania, Zanzibar ikiwemo, kila gredi ina pointi zake: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1. Pointi za somo huzidishwa na krediti za somo hilo, zote hujumlishwa, kisha hugawiwa kwa jumla ya krediti. Hiyo ndiyo GPA. Hakikisha kwenye kanuni za mitihani za chuo chako, maana ndizo zinazokuhusu wewe.

Binti wetu alikuwa na masomo sita kwenye semesta ya pili ya mwaka wa pili, jumla ya krediti 60. Somo lenye utata, Uhasibu wa Gharama, lina krediti 12. Mengine ni la krediti 12 alilopata B, la krediti 10 alilopata A, jengine la krediti 10 alilopata B+, na mawili ya krediti 8 aliyopata B yote mawili. Tazama inavyokuja:

```
Uhasibu wa Gharama ukiwa B+:
48 + 36 + 50 + 40 + 24 + 24 = 222
222 / 60 = 3.7

Uhasibu wa Gharama ukiwa C:
24 + 36 + 50 + 40 + 24 + 24 = 198
198 / 60 = 3.3
```

Sasa angalia wastani wa semesta uliochapishwa kwenye transkripti. Kama gredi imeandikwa C lakini wastani wa semesta umeandikwa 3.7, basi kompyuta ya chuo inajua kuwa una B+, na kilichoharibika ni uchapaji tu. Hilo ni jambo la asubuhi moja. Kama gredi ni C na wastani ni 3.3, kumbukumbu yenyewe ya chuo ina C, na itabidi warudi kwenye karatasi za idara. Binti wetu alikuta 3.3. Akajua kuwa safari yake ni ndefu kidogo, na kwamba kuomba tu "nichapishiwe upya" kungemletea karatasi mpya yenye kosa lile lile.

Pima kwa wastani wa semesta, usitegemee GPA ya jumla. Shahada ya miaka mitatu huwa na krediti 360 hivi, na pointi 24 zilizopotea humo zinashusha wastani kwa chini ya 0.07. Wakati mwengine tarakimu iliyochapishwa haitikisiki hata kidogo, na mtu anahitimu na kosa lake bila kulijua. Kwenye krediti 60 pointi hizo hizo zinashusha 0.4, na hapo kosa halina pa kujificha.

GPA yangu ya jumla kwa hesabu ni 3.4667. Si hiyo ni 3.5?

Hili limeleta ugomvi mwingi dirishani. Kwenye vyuo vingi vya kwetu GPA haikadiriwi, hukatwa baada ya desimali ya kwanza: 3.4667 huandikwa 3.4, na hata 3.49 ni 3.4. Kwa mhitimu wetu jambo hili ndilo lililoamua kila kitu. Pointi zake zote zikiwa na B+ ni 1272; zikiwa na C ni 1248.

```
1272 / 360 = 3.5333  ->  3.5
1248 / 360 = 3.4667  ->  3.4
```

Daraja la Pili la Juu huanzia 3.5, na Daraja la Pili la Chini hukomea 3.4. Gredi moja ya mwaka wa pili imemshusha daraja la shahada nzima. Kwa hiyo kosa lake limefika mpaka kwenye cheti, kwa kuwa daraja huandikwa humo, na mtu anayeomba kusahihishiwa transkripti peke yake atajikuta ana hati mbili za chuo kimoja zinazopingana.

Ila ikiwa "kosa" unalolalamikia ni kukatwa kwa desimali, hilo ni kanuni. Barua ya namna hiyo haifiki mbali.

Makosa haya hutokeaje? Chuo si kina kompyuta?

Kina, na wanaoijaza ni watu. Kosa nililoliona mara nyingi zaidi ni la tarakimu iliyodondoka. Mhitimu wetu alipata 27 kati ya 40 kwenye kazi za darasani na 37 kati ya 60 kwenye mtihani wa mwisho, jumla 64, ambayo iko ndani ya B+ kwenye mfumo unaoanzia B+ kwenye 60. Aliyeingiza aliandika 7 badala ya 27. Saba na 37 ni 44, na 44 ni C. Hakuna kengele inayolia, kwa sababu 44 ni alama ya kufaulu. Ingekuwa imemfelisha, angeliona siku ile ile na kupiga kelele. Makosa yanayofika hadi kwenye transkripti ni yale yanayoacha mtu akiwa amefaulu.

La pili ni mstari ulioteleza. Mtu anabandika safu ya alama kwenye jedwali, mwanafunzi mmoja hakufanya mtihani, safu inapanda, na kuanzia hapo kila mmoja anachukua alama za jirani yake. Ukishuku hili, waulize kwa upole wenzako wenye namba za usajili zilizo karibu na yako. Wakiwa nao wana gredi za ajabu kwenye somo hilo hilo, ni vyema muandike pamoja.

La tatu ni la majina. Kwetu majina matatu hayamtofautishi mtu. Darasa la watu 80 linaweza kuwa na wawili wenye jina lao, la baba na la babu yale yale, au yale yale kwa mpangilio tofauti. Ndiyo maana nitakusumbua hapa chini kuhusu namba ya usajili.

Halafu kuna C ya marudio. Kwenye vyuo vingi anayefaulu mtihani wa marudio hupewa C na si zaidi, hata akipata 80. Ikitokea umeingizwa kimakosa kwenye orodha ya waliorudia, mfumo utakukata hadi C wenyewe. Kwa hiyo unapoona C pekee iliyokaa kama mgeni katikati ya B na A, sema wazi kwenye barua yako kwamba hukufanya marudio. Sentensi hiyo moja huokoa siku nyingi.

Nadhani nilistahili zaidi kwenye mtihani ule. Na hilo ni kosa la transkripti?

Hapana, hiyo ni rufaa. Rufaa ina fomu yake, mara nyingi ina ada, na ina siku za mwisho zinazohesabiwa tangu matokeo yalipotangazwa. Kosa la transkripti maana yake ni kwamba hati mbili za chuo hazikubaliani. Usiyachanganye kwenye barua moja. Ukiandika "gredi imekosewa, na hata hivyo mwalimu yule alikuwa ananionea", anayesoma ataichukua yote kuwa rufaa iliyochelewa na kuiweka pembeni.

Nina picha ya matokeo ya awali yanayoonesha B+. Hiyo inatosha?

Inatosha kuanzia, haitoshi kumalizia. Matokeo yanayotolewa mwisho wa semesta ni ya muda mpaka Seneti ya chuo iyaidhinishe, na katikati hapo bodi ya mitihani inayo mamlaka ya kuyagusa. Inawezekana mtihani ulipitiwa upya na alama za darasa zima zikabadilishwa. Ikiwa hivyo, C yako ni halali hata kama inauma. Ndiyo sababu barua nzuri huomba uhakiki, na humwachia Mrajis mlango wa kusema kwamba gredi ilibadilishwa kihalali. Anayeandika "mmenibadilishia gredi" anakuwa ameshatoa hukumu, na mtu wa ofisini naye atajihami.

Mrajis ana uwezo wa kunibadilishia gredi?

Hana, na ni bora uwe unalijua hili kabla hujaandika. Gredi huzaliwa kwa mwalimu wa somo, hupita kwa mkuu wa idara, hukaguliwa na bodi ya skuli au kitivo, na huthibitishwa na Seneti. Mrajis anatunza kilichothibitishwa. Anachoweza kufanya ni kufungua karatasi ya matokeo yenye saini, kuilinganisha na kilichomo kwenye mfumo, na kurekebisha pale mfumo ulipokwenda kinyume na karatasi. Kama karatasi yenyewe ndiyo iliyokosewa, yaani mwalimu ndiye aliyeandika 7, itabidi idara iandike kuomba marekebisho na yapite tena kule juu.

Kwa hiyo omba lile analoliweza: kulinganisha. Mpelekee Mrajis, na mkuu wa idara yako mpe nakala ya barua hiyo hiyo. Mwalimu wa somo usimwandikie barua kali. Mpigie au mfuate umuulize kama bado ana karatasi yake ya alama. Walimu wengi wanazitunza miaka, na mwalimu anayekumbuka kuwa uliuliza kwa adabu atakuwa upande wako idara itakapomtafuta.

Kuhusu cheo: watu husema Mrajis na wengine Msajili. Tumia neno lililoandikwa kwenye barua za chuo chako.

Barua pepe yenyewe iandikwe vipi?

Hii ndiyo aliyoituma binti wetu. Somo nimelipa msimbo wa mfano, AC 2204. Wewe andika wa kwako herufi kwa herufi kama ulivyo kwenye transkripti.

> Kichwa: Ombi la kuhakiki gredi kwenye transkripti: AC 2204, namba ya usajili […]
>
> Kwa Mrajis,
> Nakala: Mkuu wa Idara ya Uhasibu
>
> Assalamu alaykum.
>
> Mimi ni mhitimu wa Shahada ya Uhasibu, namba ya usajili […]. Naomba gredi yangu moja ihakikiwe.
>
> Transkripti niliyopewa tarehe […], yenye namba […], inaonesha gredi C kwenye somo la AC 2204, Uhasibu wa Gharama, krediti 12, semesta ya pili, mwaka wa pili. Matokeo ya semesta hiyo yaliyowekwa na chuo kwenye akaunti yangu yanaonesha B+ kwa somo hilo. Orodha ya kazi za darasani iliyobandikwa na idara inaonesha nilipata 27 kati ya 40. Sikufanya mtihani wa marudio wa somo hili, na sikupokea taarifa ya kubadilishwa kwa gredi.
>
> Wastani wa semesta uliochapishwa, 3.3, unalingana na gredi C. Wastani uliokuwa kwenye akaunti yangu ni 3.7, unaolingana na B+. Kwa hesabu yangu, tofauti hii inabadilisha pia GPA ya jumla kutoka 3.5 kuwa 3.4, na hivyo kugusa daraja la shahada lililoandikwa kwenye cheti.
>
> Naomba gredi ya AC 2204 ilinganishwe na karatasi ya matokeo iliyosainiwa na idara na kuidhinishwa. Ikionekana ni kosa la uingizaji, naomba kumbukumbu irekebishwe na nipatiwe transkripti na cheti sahihi; nitarejesha vya awali. Ikionekana C ndiyo iliyoidhinishwa, naomba nijuilishwe ilibadilishwa katika hatua gani.
>
> Nimeambatanisha transkripti, ukurasa wa matokeo ya semesta, orodha ya kazi za darasani na kitambulisho changu. Napatikana kwa simu namba […].
>
> Wako mtiifu,
> [Majina matatu kama yalivyo kwenye transkripti]

Tazama alivyofanya. Aya ya hati mbili zinazopingana haina hata neno moja la malalamiko. Hesabu imekaa kwenye sentensi tatu tu, ila inamwambia msomaji kuwa tatizo limo kwenye kumbukumbu na si kwenye uchapaji, kwa hiyo hatapoteza muda kuchapisha upya. Cheti kimetajwa mapema. Na ombi lina njia mbili, kila moja na jawabu lake, ili ofisi isiweze kumaliza kwa kuandika "tumelipokea ombi lako" na ikawa imejibu.

Kitu kimoja alichokiacha kwa makusudi ni tarakimu iliyodondoka. Alishuku kuwa 27 imekuwa 7, kwa sababu 44 inaingia vizuri mno kwenye C. Lakini hakuwa ameiona karatasi. Dhana nzuri ukiiandika kama ukweli, na ikaja kuwa sivyo, inakuangusha na mengine yote uliyosema sahihi. Aliitoa 27 kama ilivyo na kuwaachia wao waione.

Niandike kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?

Chochote unachokiandika vizuri. Ofisi zetu hupokea barua za Kiswahili kila siku. Ukiandika Kiswahili, jina la somo liweke pia kama lilivyochapishwa kwenye transkripti, ili anayetafuta kwenye mfumo asianze kutafsiri. Kama mkuu wako wa idara ni mgeni asiyesoma Kiswahili, basi Kiingereza.

Salamu weka moja, fupi. Nimewahi kupokea barua yenye aya nzima ya kuulizia hali za wafanyakazi wa ofisi, familia zao na mvua za masika. Mwandishi alikuwa muungwana wa kweli, ila namba yake ya usajili nilikwenda kuipata mwisho kabisa, kwenye nyongeza chini ya saini.

Niambatanishe nini, na kwa namna gani?

Transkripti nzima, kurasa zote, siyo kipande ulichokikata. Kipande kilichokatwa hakioneshi jina lako na kinatia shaka. Zipige skana kwa kila hati faili lake na uzipe majina yanayojieleza, kwa mfano:

```
transkripti_uk1-2.pdf
matokeo_mwaka2_sem2.pdf
kazi_za_darasani_AC2204.pdf
```

Ukurasa wa matokeo upige picha ukionesha jina na namba yako, na tarehe kama ipo. Picha ya ubao wa matangazo iliyopigwa kwa simu miaka miwili nyuma ni ushahidi mzuri kuliko watu wanavyodhani. Usiipunguze wala kuichorea duara jekundu, itume kama ilivyo. Kwenye orodha hiyo mna alama za wenzako, kwa hiyo usiisambaze kwingine.

Kama akaunti ya barua pepe ya mwanafunzi imeshafungwa, na kwa wahitimu mara nyingi hufungwa, tumia ile uliyojaza wakati wa kujisajili na uambatanishe kitambulisho chako cha Mzanzibari Mkaazi. Ofisi haiwezi kuzungumzia gredi na mtu isiyemjua, na haitakiwi.

Wiki mbili zimepita, kimya.

Jibu juu ya barua ile ile, usianze mpya, ili mfululizo ubaki mmoja na tarehe zionekane. Andika mistari miwili: unakumbusha ombi la tarehe fulani, na unauliza kama karatasi ya idara imeshapatikana. Usiongeze hoja mpya.

Kuna misimu ambayo kimya hakina maana mbaya: wakati wa mitihani, wiki za mahafali, na Ramadhani saa za kazi zinapokuwa fupi. Ukipita hapo na bado hamna kitu, peleka barua ya karatasi masijala, na uombe nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muhuri huo ndio utakaouonesha baadaye ukilazimika kupanda kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia taaluma. Barua ya karatasi hufunguliwa jalada, na jalada lazima mtu alijibu. Barua pepe hushuka tu chini ya nyengine.

Mimi nipo Pemba. Lazima nivuke?

Kwa barua na uhakiki, hapana. Kwa kurejesha hati za awali na kuchukua mpya, chuo kitataka mkono wa mtu. Uliza kwanza kwenye barua pepe kama wanapokea mwakilishi, kisha mwandikie jamaa yako aliyeko mjini idhini yenye majina yake, namba ya kitambulisho chake, na hati anazozirejesha na kuzichukua zikitajwa moja moja. Mtu wetu wa Wete alipanga kushuka Mkoani kupanda boti siku aliyotuma barua. Nauli ya kwenda na kurudi ingekwisha bure, maana siku hiyo hakukuwa na chochote cha kuchukua.

Kabla hujarejesha hati yoyote, piga skana pande zote na udai risiti ya kuipokea.

Nina ombi la ufadhili linalofungwa Ijumaa na linataka Daraja la Pili la Juu. Nifanyeje?

Tuma transkripti uliyonayo pamoja na barua fupi ya maelezo na nakala ya barua yako kwa Mrajis, hasa ile yenye muhuri wa masijala. Wakati huo huo muombe Mrajis barua ya kuthibitisha kwamba suala lako linahakikiwa. Ofisi nyingi hutoa barua hiyo kwa wepesi kuliko transkripti mpya, kwa kuwa haihitaji idhini ya bodi. Kwenye fomu jaza 3.4 kama ilivyochapishwa, na 3.5 itaje kwenye maelezo.

Usiguse karatasi yenyewe. Kuna kijana aliyekuwa na haki kabisa, gredi yake ilikosewa kweli, akaisahihisha mwenyewe kwenye kompyuta kabla ya kutuma. Chuo kilipoulizwa kilijibu kuwa hati ile si yake. Kuanzia hapo hakuna aliyejali tena gredi sahihi ilikuwa ipi, kesi yake ikawa ya kughushi.

Na kosa likiwa linanipendelea?

Andika barua ile ile. Karatasi yenye saini ipo kabatini, na siku mwajiri au chuo chengine kitakapoomba uhakiki, kitakachosomwa ni hiyo. Kuvuliwa daraja miaka mitano baadaye ukiwa kazini ni aibu isiyoelezeka.

Wamejibu: "Gredi ni sahihi kwa mujibu wa kumbukumbu." Ndiyo mwisho?

Inategemea kumbukumbu ipi. Jawabu hilo mara nyingi maana yake ni kwamba mtu amefungua kompyuta, akaona C, akafunga. Kompyuta hiyo ndiyo unayoitilia shaka. Rudi kwa swali moja tu: je, karatasi ya matokeo yenye saini ya idara imeangaliwa, na kwenye karatasi hiyo alama za darasani na za mtihani ni ngapi na ngapi? Omba namba mbili, siyo gredi. Hapo ndipo 7 itakapojitokeza, na mtu yeyote aliyewahi kushughulikia mitihani atashtuka, maana kwenye vyuo vinavyodai kiwango cha chini cha kazi za darasani, mwenye 7 kati ya 40 asingeruhusiwa hata kuingia kwenye chumba cha mtihani.

Mhitimu wetu alijibiwa hivyo hivyo mara ya kwanza. Aliuliza swali hilo, mkuu wa idara aliyekuwa kwenye nakala akaifungua karatasi, na ilikuwa 27. Ikiwa na wewe namba mbili zitakuja na bado zinajumlisha C, na bodi ndiyo iliyozipitisha, basi jambo limekwisha kwa njia hii. Iliyobaki ni rufaa, kama muda wake haujapita.

Nimepewa transkripti mpya. Niangalie nini kabla sijaondoka dirishani?

Anza na gredi ya somo, kisha wastani wa semesta ile, kisha GPA ya jumla, kisha daraja, kisha cheti. Vitano hivyo lazima vikubaliane. Nimeona transkripti iliyosahihishwa gredi ikabaki na wastani wa zamani, na mwenyewe akaligundua hilo alipofika nyumbani. Angalia pia tarehe ya kutolewa iwe mpya, na uliza kama ile ya awali imefutwa kwenye daftari. Mwisho ingia kwenye akaunti yako, kama bado inafunguka, uone kuwa mfumo nao sasa unasema B+, kwa sababu nakala utakayoiomba mwakani itatoka humo.